Hivyo Basi ya Mwalimu Novatus

Mwalimu mkuu Novatus alikuwa mtu wa "hivyo basi". Hakuweza kusema sentensi tatu bila kulitumbukiza neno hilo, kama mpishi asiyejua kupika anavyomwaga chumvi kila sufuria ili aonekane yupo jikoni. Asubuhi mstarini aliwaambia watoto: "Leo ni Jumatatu, hivyo basi mjitume." Kwenye kikao cha wazazi alisema: "Shule yetu ina miaka arobaini, hivyo basi vyoo vitachimbwa." Wazazi walipiga makofi. Mwalimu Generoza, aliyekaa nyuma kabisa akitafuna karafuu, aliona aibu kwa niaba ya neno lenyewe.

Generoza alikuwa amefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, mingi kati yake katika shule hiyo hiyo ya njia ya vumbi inayotoka Dutwa. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na dharau yake hakuificha popote. Aliwadharau walimu vijana waliofundisha kwa kusoma kiongozi cha mwalimu huku wakishika simu. Aliwadharau wakaguzi waliohesabu mabango ukutani na kuondoka. Lakini akiba yote nzuri ya dharau yake alikuwa amemwekea Novatus, kwa kuwa Novatus, machoni pake, alikuwa akifanya kosa ambalo halifanywi hata na mtoto wa darasa la tatu: alidhani ukitia neno la sababu katikati ya mambo mawili, mambo hayo yanaoana.

Na hilo ndilo somo lililompa Generoza jina. Mwezi wa nne mwaka huu alichora mstari wa chaki sakafuni mwa darasa la sita. Upande wa kushoto akaandika CHANZO, upande wa kulia MATOKEO. Mtoto alisoma habari kwa sauti akiwa amesimama juu ya mstari. Akikuta "kwa sababu" au "kwa kuwa", anarudi nyuma kushoto, maana kinachofuata neno hilo ndicho kilichotangulia kutokea, hata kama mwandishi amekiandika mwishoni. Akikuta "kwa hiyo", "hivyo" au "matokeo yake", anasogea kulia, maana kinachofuata ndicho kilichozaliwa. Darasa zima liliimba: "Kwa sababu, rudi nyuma! Kwa hiyo, songa mbele!" na kupiga mguu chini kama wachezaji wa ngoma baada ya mavuno. Vumbi lilifika mpaka ofisini.

"Daraja lilizolewa na maji, kwa hiyo lori la mbolea halikufika," angesoma mtoto, akisogea kulia kwenye lori.

"Geuza."

"Lori la mbolea halikufika kwa sababu daraja lilizolewa na maji." Mtoto angerudi kushoto kwenye daraja.

"Je, habari imebadilika?"

"Hapana, mwalimu! Ni ile ile!"

Kisha angewatupia mtego. "Jogoo amewika, kwa hiyo kumekucha." Watoto wangesogea kulia wakiimba, na Generoza angewaacha wafike kabla ya kuwauliza: "Jogoo akichinjwa jana, leo hakuchi?" Wangecheka na kurudi juu ya mstari. "Neno lilikuwepo," angewaambia, "lakini chanzo hakikuwepo. Neno linakuonyesha mahali pa kutafuta, halikuhakikishii kwamba utakuta kitu. Kila ukiliona, jiulize: hili lingeondolewa, lile lingetokea?"

Novatus aliliita somo hilo ngoma. Mwishoni mwa mwezi wa tano darasa la sita lilipofanya mtihani wa majaribio wa kata na kuburuta mkia, aliona ng'ombe wake amejileta mwenyewe zizini. Aliandika barua.

Barua hiyo ilisomwa alasiri moja ya mwezi wa nane, katika ofisi ya walimu, mbele ya afisa elimu kata. Huyo aliitwa Constantine, mtu mrefu asiye na haraka, aliyefika kwa pikipiki na suruali imejaa vumbi jekundu. Alisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila," akachotewa maji ya kunywa kutoka ndoo ya bluu yenye kifuniko iliyokaa pembeni mwa mlango, akashukuru. Ndoo ile ilikuwa imejaa siku zote. Hakuna mwalimu aliyewahi kujiuliza nani anaijaza, Generoza akiwamo. Alichota humo maji ya chai yake kila saa nne na kuendelea kuwadharau wengine.

Aliyeshika kalamu ya muhtasari alikuwa Mwalimu Violeth, binti wa mwaka wa pili kazini, anayemwogopa Novatus kwa jicho moja na Generoza kwa lingine. Novatus alisimama, akakohoa, akasoma barua yake mwenyewe kwa sauti ya mtu anayesoma injili.

"Mnamo mwezi wa nne Mwalimu Generoza alianzisha michezo darasani. Hivyo basi, mtihani wa mwezi wa tano tukaanguka. Matokeo yake, watoto wamekata tamaa na kuwa watoro. Kutokana na hayo, ofisi yangu inapendekeza ahamishwe."

Mahali pa kuhamia palikuwa pameshaandikwa: shule ya mwisho kabisa wa mkoa, ambako basi linafika mara moja kwa siku, siku likijisikia. Nyumbani kwake Somanda, Generoza alimwacha kila asubuhi mama yake mzazi, mwenye kidonda cha mguu kinachosafishwa hospitali kila baada ya siku moja. Alikuwa akirudi saa tisa, anambeba mama kwenye bodaboda, anamshikilia kiunoni mpaka mlangoni kwa manesi. Akihamishiwa kule, mama angepelekwa hospitali na nani? Hakuna aliyekuwepo. Kaka zake walikuwa wamekwenda Geita kutafuta dhahabu, wakapata ukimya.

Aliogopa, na kwa sababu aliogopa alizidi kudharau.

"Afisa," alisema bila kusimama, "huyu bwana amepanga mambo matatu kwenye mstari kama watoto wanaopanga foleni ya uji, halafu amechomeka maneno katikati. Aniambie utoro ulianza lini. Mahudhurio haya hapa. Utoro umeanza mwezi wa tatu. Mimi chaki nimeishika mwezi wa nne. Ngoma yangu ilirudi nyuma ikawafukuza watoto kabla haijachezwa?"

Constantine alivuta daftari la mahudhurio, akapitisha kidole kwenye kurasa. Katikati ya mwezi wa tatu vijitiki viligeuka misalaba, mistari kwa mistari.

"Ni kweli," alisema. "Mwezi wa tatu."

Novatus hakutikisika. Mtu wa hivyo basi hatikiswi na tarehe. "Tarehe ni tarehe," alisema. "Mimi nasema watoto hawajui kitu. Kama somo lake lina maana, tuite mtoto mmoja hapa tumpime. Mimi nitamchagua." Akafungua orodha ya matokeo ya ule mtihani, akashusha kidole mpaka chini kabisa, mahali ambapo Generoza alijua kitafika. "Shida. Alama nne kati ya hamsini. Mwalimu Violeth, kamwite."

Angeitwa Dastan, angeitwa Elizabeth, angeitwa yeyote kati ya wale ishirini wanaosogea kulia na kushoto kabla hujamaliza kusoma! Lakini Shida? Shida alikuwa mtoto wa kaya za wafugaji kule bondeni, binti wa mama mmoja aitwaye Milembe ambaye hajawahi kufika kikao hata kimoja. Nyumbani kwao Kiswahili kilikuwa cha kusikia redioni. Alikuwa amepotea shule wiki kumi nzima, mwezi wa tatu mpaka wa tano, akarudi siku mbili kabla ya mtihani na miguu mikavu kama mtu aliyetembea nchi nzima. Katika daftari la mahudhurio, kwenye safu ya sababu, Generoza alikuwa ameandika kwa mkono wake neno moja: uvivu. Tangu hapo mtoto alikaa dawati la nyuma, akisogea kushoto na kulia pamoja na wenzake, na Generoza hakuwahi kumwuliza swali kwa sababu hakutarajia jibu.

"Amenimaliza," aliwaza. "Yaani nimalizwe na mvivu."

Shida aliingia amelowa sketi kwenye pindo. Alipiga goti, akasema shikamoo mara tatu, moja kwa kila mkubwa, na ya nne kwa Violeth aliyekuwa nyuma yake. Constantine alimuuliza kama anaujua ule mchezo wa Mwalimu Generoza. Alikubali kwa kichwa. Violeth alichora mstari wa chaki kwenye saruji ya ofisi.

"Asome nini?" aliuliza Novatus. "Kitabu cha darasa la tatu kipo pale."

Constantine aliangaza ukutani. Ukuta ule ulikuwa wa Novatus tangu juu hadi chini. Matangazo yake yote aliyabandika humo na hakuyabandua, kwa kuwa aliupenda mwandiko wake. Afisa alilifikia moja lenye muhuri, akalitoa pini. "Asome hili. Ni Kiswahili cha mwalimu mkuu, hakiwezi kuwa na makosa."

Novatus alitabasamu. Alisifiwa hata pale alipokuwa akitegwa, na hakujua tofauti.

Shida alisimama juu ya mstari, akaishika karatasi kwa mikono miwili. Alisoma taratibu, akikanyaga kila neno.

"Tangazo. Tarehe kumi na moja, mwezi wa tatu. Kwa kuwa…" Alirudi nyuma kushoto bila kuambiwa. "Kwa kuwa mvua imeingia stoo, mahindi ya uji yameoza." Kwenye mahindi alivuka mstari kwenda kulia.

Generoza alimtazama miguu. Lile "kwa kuwa" la mwanzo wa sentensi huwapoteza wengi, kwani chanzo na matokeo vyote vinakuja baada yake, na mtoto asiyeelewa hubaki kushoto mpaka nukta.

"Hivyo basi, uji umesitishwa." Shida alipiga hatua nyingine kulia.

"Mahindi yalioza kwa nini?" aliuliza Constantine.

"Kwa sababu mvua iliingia stoo, baba."

"Na mvua iliingia stoo kwa nini?"

Shida aliitazama karatasi, akaigeuza nyuma, akairudisha. "Haijaandikwa hapa," alisema.

"Vizuri," alisema Constantine, na alipolisema neno hilo hakumtazama mtoto. Alitazama nje dirishani. Wote walifuata macho yake, maana dirisha lilikuwa kubwa. Kule nje ilisimama stoo ya shule, na juu ya paa lake pengo la mabati mawili lililozibwa kwa turubai. Hatua kumi kutoka hapo, kwenye nguzo nne za mti, mabati mawili yenye kutu ileile yaliifunika pikipiki ya mwalimu mkuu isipigwe na jua. Violeth aliinama kwenye muhtasari wake na kuandika kitu kisichohitajika.

"Yale ni ya muda," alisema Novatus.

"Sijauliza," alisema Constantine. "Endelea kusoma, mwanangu."

"Mtoto asiye na chakula hasomi," alisoma Shida. "Kwa sababu hiyo…"

Alisimama. Mguu wake mmoja uliinuka kuelekea kushoto, ukabaki hewani. Novatus alicheka puani. Generoza aliuma mdomo: aliwafundisha siku moja tu kwamba "kwa sababu hiyo" halileti sababu mpya, linaikamata ile iliyokwisha kusemwa na kuisukuma mbele. Siku ile nusu ya darasa ilichanganyikiwa. Shida alifumba macho kidogo, midomo ikicheza kimya kimya. Kisha aliushusha mguu upande wa kulia.

"Kwa sababu hiyo, asiyeweza kuja na kiporo chake abaki nyumbani mpaka itakapotangazwa vinginevyo."

Constantine alimuuliza kwa upole, "Basi niambie, watoto hawakuja shule kwa nini?"

"Kwa sababu waliambiwa wabaki."

"Waliambiwa na nani?"

Shida alitazama chini ya karatasi kwenye muhuri. "Na mwalimu mkuu. Alitusomea mstarini." Halafu, kwa kuwa aliona wakubwa wote wanamtazama na hakujua kama jibu limetosha, aliongeza: "Mimi nilibaki. Kwetu hakukuwa na kiporo. Mayu, yaani mama, alisema tungoje tuchimbe viazi. Tulipochimba, bibi akavichemsha na kuvikausha vikawa matobolwa, nikaja nayo."

Novatus alifungua mdomo. Alitafuta neno lake la siku zote, na kwa mara ya kwanza halikutoka. Lingetoka lingekwenda wapi? Kila mahali alipotazama kulikuwa na matokeo, na chanzo kimeifunika pikipiki.

Generoza alijisikia mrefu. Alitamani kucheka. Alimtazama yule bwana aliyekuwa amempangia mwisho wa mkoa, akamwona jinsi alivyopungua kwenye kiti, na dharau yake ikanenepa kwa raha. Mtoto wa mwisho kwenye orodha! Wa mwisho kabisa, na amemsoma mwalimu mkuu mpaka akaisha.

Constantine aliikunja ile barua ya uhamisho mara mbili, mara nne, akaitia mfukoni mwa suruali. "Hii haifiki mjini," alisema. "Kesho nataka kuona mabati juu ya stoo. Mahindi nitazungumza na kamati. Na mwalimu mkuu, tangazo jingine usibandike kabla sijalisoma." Akasimama, akajipangusa vumbi, kisha akakumbuka jambo. Alimgeukia Shida tena.

"Uliporudi, mwalimu wako alikuuliza kwa nini hukuwepo?"

Shida alimtazama Generoza. Hakuwa na hasira usoni, wala hakuwa anashtaki. Alikuwa anatafuta jibu sahihi, kama alivyolitafuta kwenye karatasi. "Hapana," alisema. "Alinipa adhabu tu."

Constantine aliitikia kwa kichwa taratibu. Alimtazama Generoza kwa muda mfupi, na Generoza aliitambua ile namna ya kutazama, maana ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa akimtazama Novatus hivyo miaka sita. Kisha afisa akatoka, na Novatus akamfuata nyuma akieleza habari za mabati, na Violeth akatoka na muhtasari wake.

Generoza alibaki mezani na daftari la mahudhurio. Alifungua mwezi wa tatu. Alihesabu neno "uvivu" kwenye safu ya sababu: lilikuwa kumi na moja, kwa wino uleule, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyeshinda zawadi ya mwandiko chuoni. Kumi na moja! Siku ile ya kumi na moja mwezi wa tatu alikuwepo mstarini. Alilisikia tangazo kwa masikio yake, akacheka jinsi Novatus alivyolipamba, akaenda kunywa chai. Tangu mwezi wa nne alikuwa akiwauliza watoto kwa nini lori halikufika.

Alisikia mlio wa kifuniko. Aliinua macho. Shida alikuwa hajaenda darasani. Alikuwa amefunua ndoo ya bluu pembeni mwa mlango, akachungulia ndani, akaiona imepungua kwa sababu ya mgeni, na sasa alikuwa akiishika mshikio.

"Unakwenda wapi na ndoo?"

"Kuchota maji, mwalimu. Mwalimu Violeth alipokuja kuniita nilikuwa kisimani na dumu."

"Maji ya nini?"

"Ya adhabu." Mtoto alishangaa kidogo kuulizwa. "Siku ile niliporudi ulisema nichote maji ya ofisi asubuhi na mchana mpaka utakaponiambia niache."

Generoza alihesabu kwa vidole chini ya meza. Mwezi wa tano ulikuwa ukielekea ukingoni. Wa sita kulikuwa na likizo. Wa saba. Wa nane ulikuwa katikati. Kikombe chake cha chai kilikuwa mezani mbele yake, kimebaki robo, kimepoa.

"Na likizo?" aliuliza.

"Likizo nilileta kwa mlinzi," alisema Shida. "Hukuwa umesema."

Generoza alisimama. Alizunguka meza, akakanyaga mstari wa chaki bila kuuona, akafika mlangoni na kuichukua ile ndoo mkononi mwa mtoto. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na bado ilikuwa nusu.

"Kisima kiko upande gani?" aliuliza.

Miaka yote ile hapo shuleni, hakuwa anajua.

Shida alimwonyesha kwa kidole.